Vichupo 63: vibonye vya kivinjari vilivyotufikisha Ijumaa

Jumatano ya wiki ya nane ya muhula uliopita, saa nne za usiku, mwenzetu mmoja aliandika maneno matatu katika kikundi chetu cha WhatsApp: “Jamani, vyote vimekwenda.” Tulijua mara moja anasema nini. Sisi wanne tulikuwa na kazi ya pamoja juu ya misemo ya kanga, na orodha ya marejeo ilitakiwa Ijumaa saa sita mchana. Yeye ndiye aliyepewa sehemu ya kutafuta makala. Kwa siku tatu alikuwa amefungua vichupo 63 kwenye kompyuta ya maktaba, na kompyuta ile ikajiwasha upya ili kusasisha programu zake.

Tulifika Ijumaa na orodha mkononi, lakini si kwa bahati. Usiku ule na siku iliyofuata tulijifunza vibonye vichache vya kivinjari ambavyo tungepaswa kuvijua tangu mwaka wa kwanza. Tunaviandika hapa kwa ajili ya wanachama wenzetu, na walimu wetu wakiona mahali tulipokosea watusahihishe. Tumevijaribu kwenye Chrome na Firefox. Tunataja vibonye vya Windows. Mwenye Mac aweke Cmd badala ya Ctrl, isipokuwa pale tutakapoeleza vingine.

Kilichopotea na kwa nini

Swali letu la kwanza lilikuwa: je, umebonyeza Ctrl+Shift+T? Kibonye hiki hurudisha kichupo ulichokifunga mwisho. Ukikibonyeza tena kinarudisha cha kabla yake, na kuendelea hivyo kinyumenyume. Ikiwa dirisha zima lilifungwa, Chrome hulirudisha na vichupo vyake vyote kwa mbonyezo mmoja, hata baada ya kompyuta kuzimwa na kuwashwa, mradi ukibonyeze mapema kabla hujafungua na kufunga mambo mengine. Kwenye Firefox, njia ya uhakika baada ya kuwasha upya ni kufungua menyu ya History na kuchagua Restore Previous Session.

Alikuwa amebonyeza. Hakikurudi kitu. Sababu ni kwamba alifanya kazi yote ndani ya dirisha la faragha, lile linalofunguliwa kwa Ctrl+Shift+N kwenye Chrome na Ctrl+Shift+P kwenye Firefox. Kwenye kompyuta ya watu wengi hiyo ni tabia njema, maana hutaki mtu akukalie nyuma akute barua pepe zako wazi. Lakini dirisha la faragha limetengenezwa kusahau. Likifungwa, historia imekwenda nalo, na Ctrl+Shift+T haina pa kushika. Kwa hiyo anayetafiti katika dirisha hilo lazima anwani zake azihamishie mahali pengine kabla ya kuinuka kitini.

Kwenye kompyuta yako mwenyewe kuna hatua moja ya kuchukua leo. Katika mipangilio ya Chrome, sehemu ya On startup, chagua Continue where you left off. Katika Firefox weka tiki kwenye Open previous windows and tabs. Kivinjari kitakuwa kinafungua pale ulipoachia.

Kichupo kilichopo lakini hakionekani

Mwenzetu alikumbuka sehemu kubwa ya alichokuwa akitafuta, basi tukagawana kazi na kuanza upya. Baada ya saa moja kila mmoja wetu alikuwa na vichupo 20 hivi, vimebanana hata vichwa vyao havisomeki. Mmoja aligundua kwamba amefungua makala ileile mara tatu, kwa kuwa kila alipoihitaji aliona rahisi kuitafuta upya kuliko kuiona kati ya vichupo vyake.

Dawa yake kwenye Chrome ni Ctrl+Shift+A. Inafunguka orodha ya vichupo vyote katika madirisha yote, na juu yake pana kisanduku cha kuandikia. Andika neno moja la kichwa, tuseme `leso`, na orodha inapungua hadi vinavyohusika; bonyeza Enter na umefika. Chini ya orodha hiyo vinaonekana pia vichupo ulivyovifunga karibuni. Kwenye Firefox kibonye hichohicho hufungua kitu kingine kabisa, ukurasa wa programu za nyongeza, kwa hiyo usishtuke. Huko bonyeza Ctrl+L ili uende kwenye kisanduku cha anwani, andika `%`, acha nafasi, kisha andika neno lako. Firefox itakuonyesha vichupo vilivyo wazi peke yake.

Njia hii ina mpaka wake. Inatafuta katika kichwa na anwani ya kichupo, haitafuti ndani ya ukurasa. Faili ya PDF ambayo kichwa chake ni tarakimu tupu haitapatikana kwa kuandika `kanga`, hata kama imejaa kanga tangu mwanzo hadi mwisho.

Kuhifadhi bila kujidanganya

Usiku ule, kabla ya kulala, kila mmoja wetu alibonyeza Ctrl+Shift+D. Kibonye hiki huchukua vichupo vyote vya dirisha ulilomo na kuvitia alamisho katika folda moja unayoipa jina. Tuliziita folda zetu kwa tarehe na mada, tukajiona salama.

Asubuhi yake tulifungua folda. Makala nyingi zilifunguka, lakini kurasa saba zilizotoka katika katalogi zilituambia kwamba muda wa kipindi umekwisha, tuanze utafutaji upya. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba alamisho huhifadhi anwani, haihifadhi ukurasa. Baadhi ya katalogi humpa kila mtumiaji anwani ya muda, inayokufa dakika chache baada ya kuondoka. Anwani ile ni kama tiketi ya basi la jana.

Tangu siku hiyo tuna jaribio dogo. Nakili anwani, fungua dirisha la faragha, ibandike humo, bonyeza Enter. Dirisha la faragha halikujui wewe ni nani wala ulitafuta nini dakika tano zilizopita. Likikuletea makala ileile, au ukurasa wa kuingia unaotaja makala hiyo, anwani ni nzima. Likikupeleka kwenye ukurasa wa mwanzo wa katalogi au likitoa ujumbe wa kipindi kilichokwisha, hiyo anwani usiitie kwenye marejeo. Tafuta kitufe kilichoandikwa Permalink. Kama hakipo, bonyeza Ctrl+F, andika `doi`, na utazame kama ukurasa unatoa namba inayoanza na `10.`. Namba hiyo ukiitanguliza `https://doi.org/` unapata anwani ya kudumu ya makala.

Ctrl+F kwa Kiswahili

Ctrl+F kila mtu anaijua. Tulichokuwa hatukijua ni kwamba tulikuwa tunaitumia kwa Kiingereza. Katika Kiingereza neno hubadilika zaidi mwishoni, kwa hiyo ukiandika mwanzo wa neno unapata karibu kila kitu. Kiswahili hubadilika mbele, na vitenzi hubadilika mbele na nyuma. Mmoja wetu alitafuta `msemo` katika makala ndefu, akapata mara nne, akaandika kwamba mwandishi hakulishughulikia sana jambo hilo. Kumbe mwandishi alikuwa akisema “misemo” ukurasa baada ya ukurasa. Alipofuta herufi ya kwanza na kuandika `semo`, hesabu iliyo pembeni ya kisanduku iliruka hadi 38. Tungewasilisha sentensi isiyo kweli juu ya kazi ya mtu, na mwalimu wetu angeiona.

Kwa nomino, basi, kata kiambishi cha mbele. Kwa kitenzi kata pande zote mbili. Ukitaka kila mahali panapozungumziwa kuandika juu ya kanga, `andika` itakupa “kuandika” na “aliandika”, lakini itaacha “imeandikwa” na “iandikwe”; hizo utazipata kupitia `andik`, na bado `andik` itaacha “maandishi” na “mwandishi”. Rudi nyuma hadi `andi` na vyote vinaingia. Gharama yake ni kwamba “pandisha” nayo itaingia, kwa kuwa imebeba herufi zilezile. Ni biashara ya kawaida: kipande kifupi hakikosi kitu lakini kinaleta takataka, kipande kirefu ni kisafi lakini kinaacha watu nje. Sisi huanza na kifupi, tukitazama hesabu, kisha tunarefusha herufi moja moja.

Mada yetu ilikuwa na mtego wake wa pekee. Kitu hichohicho wengine huandika “kanga”, wengine “khanga”, na Mombasa utasikia zaidi “leso”. Kipande `anga` kinakamata tahajia mbili za kwanza, pamoja na “mwanga”, “angalia” na “changamoto”. Tuliona ni afadhali kutafuta mara tatu: `kanga`, `khanga`, `leso`. Hata hivyo `kanga` peke yake ilituletea ndege, yule kanga mwenye madoadoa, katika makala moja ya methali. Na kwenye Firefox angalia sehemu ya chini: kama kisanduku cha Whole Words kina tiki, kiondoe. Kwa Kiswahili tiki hiyo inakuficha karibu kila kitu, maana “semo” peke yake si neno.

Kuna wakati hesabu inakuwa sufuri ilhali unaliona neno kwa macho yako. Hapo andika `na`. Hakuna ukurasa wa Kiswahili usio na “na”. Kama nayo inatoa sufuri, hiyo PDF ni picha ya karatasi iliyopigwa skani, kivinjari hakioni herufi humo, na itabidi usome kwa macho au uitafutie nakala iliyosomwa na programu ya kutambua maandishi. Kama `na` inapatikana lakini neno lako halipatikani, huenda limekatwa mwisho wa mstari, au ukurasa haujapakia wote. Teremka hadi mwisho kisha utafute tena.

Vichupo 131 ambavyo hatukuvifungua

Alhamisi mchana tulikuwa tumefikia katalogi kubwa. Utafutaji wetu ulileta matokeo 131 katika kurasa tatu: 50, 50 na 31. Desturi yetu ingekuwa kufungua kila kichwa kinachovutia katika kichupo chake, yaani kurudi palepale tulipoangukia. Mwenzetu wa sayansi ya kompyuta, anayekuja klabuni kwa ajili ya chai na Kiswahili cha bibi yake, akasema tusifungue chochote, tuvitoe vichwa vyote kwa mkupuo.

Alibonyeza Ctrl+Shift+C, kwenye Mac ni Cmd+Option+C. Zana za wasanidi programu zikafunguka pembeni, na kielekezi cha panya kikawa kinaangaza kila kipande cha ukurasa kinachopita juu yake. Akabofya kichwa cha tokeo la kwanza. Upande wa zana ukaonyesha kwamba kichwa hicho ni kiungo, `a`, kilichomo ndani ya `h3`. Katalogi yenu inaweza kutumia `h2` au kitu kingine. Andikeni mnachokiona ninyi.

Kisha, akiwa palepale kwenye paneli ya Elements, ambayo Firefox huiita Inspector, alibonyeza Ctrl+F na kuandika `h3 a`, maana yake kila kiungo kilichomo ndani ya `h3`. Pembeni ikaandikwa 1 of 50. Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, nayo ndiyo inayokuambia kama uko sawa. Ukurasa ulikuwa na matokeo 50 na tumepata 50. Tungepata 57, tungejua kwamba viungo saba vya menyu vimejipenyeza. Tungepata 10, tungejua kwamba ukurasa unapakia kidogo kidogo na tunapaswa kuteremka hadi chini kwanza.

Baada ya hapo tulifungua Console kwa Ctrl+Shift+J kwenye Chrome. Firefox ni Ctrl+Shift+K, na kwenye Mac ni Cmd+Option pamoja na herufi hizohizo. Tukabandika hii:

```
copy([...document.querySelectorAll("h3 a")]
  .map(a => a.textContent.replace(/\s+/g, " ").trim()
    + "\t" + a.href)
  .join("\n"))
```

Mstari wa kwanza unakusanya vile viungo 50. Wa pili unachukua maandishi ya kila kimoja na kufuta nafasi na mistari ya ziada. Bila hivyo kichwa kimoja kinaweza kukatika na kukaa kwenye mistari miwili. Wa tatu unaongeza alama ya Tab na anwani ya kiungo. Wa mwisho unaviweka kila kimoja mstari wake, na `copy` iliyotangulia inatia yote kwenye ubao wa kunakili. Chrome ikajibu `undefined`, tukadhani tumeharibu. Hatukuharibu, ndivyo inavyojibu ikiwa haina la kusema. Tukafungua lahajedwali, tukabonyeza Ctrl+V, na vichwa 50 vikashuka katika safu moja, anwani zao katika safu ya pili. Tulirudia kwenye kurasa mbili zilizobaki.

Mara ya kwanza kivinjari kinaweza kukataa kubandikwa na kukutaka uandike `allow pasting`. Tafadhali lisome onyo hilo. Matapeli huwashawishi watu wabandike msimbo humo, na msimbo huo unaweza kufanya kwa jina lako lolote unaloweza kufanya wewe katika ukurasa uliomo. Kanuni yetu ni kwamba hatubandiki mstari ambao hakuna kati yetu anayeweza kuueleza. Ndiyo maana tumeueleza hapo juu.

Na tuseme wazi kwamba njia hii inatoa vichwa vilivyokwisha kuonyeshwa mbele yako, basi. Haishushi makala. Mikataba ya maktaba na hifadhidata kwa kawaida inakataza kushusha makala kwa wingi kwa kutumia programu, na chuo kizima kinaweza kufungiwa kwa kosa la mtu mmoja. Tumia njia hii kwa kurasa chache, kwa mkono wako.

Kilichobaki Ijumaa

Katika lahajedwali tuliongeza safu ya tatu, tukaandika “ndiyo”, “hapana” au “labda” mbele ya kila kichwa. Ilichukua dakika 40. Vilivyorudiwa kwa sababu ya “kanga” na “khanga” vilionekana mara tulipopanga safu kwa alfabeti. Tulibaki na makala 19 za kufungua, na kila tulipomaliza moja tulibonyeza Ctrl+W bila hofu, kwa kuwa anwani yake ilikuwa mahali pengine. Saa tano na nusu asubuhi ya Ijumaa orodha iliondoka.

Tulipokaa baadaye kuzungumza, yule aliyepoteza vichupo 63 alisema jambo ambalo tumelifanya kanuni ya kikundi. Alisema vile vichupo havikuwa utafiti, vilikuwa ahadi za kusoma alizojiwekea mwenyewe, na hakuwa ameandika popote kwa nini alifungua kila kimoja. Hata vingerudi vyote, angelazimika kuvisoma upya ili akumbuke. Sasa hatufungui kichupo cha kumi na moja kabla ya kuandika katika lahajedwali, mbele ya vile kumi, kila kimoja tulikitakia nini.

Lahajedwali hiyo ipo kwenye folda ya klabu, na ule msimbo umo katika ukurasa wake wa pili. Mwenye katalogi isiyokubali `h3 a` aje na kompyuta yake mkutano wa Jumatano. Tutabofya pamoja hadi hesabu ilingane.